Rido za wavu zimekuwa kijivu au njano: tafuta sababu kabla ya kuloweka

Jirani yangu wa Katindo alikuja siku ya Jumatano na rido nne ndani ya mfuko. Jumamosi wageni wa mahari ya mdogo wake walikuwa wanafika. Tatu alikuwa hajazigusa, ya nne alikuwa ameilaza ndani ya javeli usiku kucha. "Yaya," akaniambia, "niliweka javeli ili ing'ae, sasa imekuwa njano kuliko zile chafu."

Kwa kazi ya kufua rido hapa Goma, hayo ninayasikia kila mwezi. Mtu anaona rido imepoteza weupe, anachukua dawa moja anayoijua, na dawa hiyo inatibu ugonjwa mwingine. Kijivu kina sababu yake. Njano ina sababu tatu au nne, na kila moja inataka kitu tofauti. Nitazipitia kupitia hizo rido nne, kwa sababu kati yazo karibu kila tatizo lilikuwemo.

Kwanza ujue uzi

Rido nyingi nyembamba zinazouzwa Birere ni poliesta. Chache ni nailoni, na zile za zamani zenye maua ya kushonwa zinaweza kuwa pamba. Kwa macho zinafanana. Ili kuzitofautisha, kata uzi mfupi ndani ya pindo la chini mahali pasipoonekana, ushike kwa kibanio, uuwashe juu ya sahani ya bati. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Poliesta inayeyuka, inatoa moshi mweusi, na inabaki kidonge kigumu cheusi. Nailoni nayo inayeyuka, lakini kidonge chake kinaelekea rangi ya kahawia hafifu. Usikiguse kabla hakijapoa, kinagandamana na ngozi.

Ninasisitiza hili kwa sababu ya javeli. Pamba inaivumilia kidogo, ingawa inadhoofika. Poliesta haiharibiki haraka, ila inapoteza ile dawa ya kung'arisha iliyowekwa kiwandani, na weupe wake unakuwa mzito. Nailoni ndiyo inayoumia kabisa: klorini inashambulia uzi wenyewe na kuugeuza njano. Hiyo njano si uchafu tena, kwa hiyo hakuna sabuni itakayoitoa.

Rido tatu za jirani zilikuwa poliesta. Ile ya javeli ilikuwa nailoni.

Vumbi litoke kabla ya maji

Vumbi letu hapa si udongo wa kawaida. Tunaishi juu ya mawe ya Nyiragongo, na chembe zake zina kingo kali, nyingine ni kama kioo kilichosagwa. Ukiloweka rido ikiwa bado imejaa vumbi hilo, halafu ukasugua kama unavyosugua shati, unakuwa unakata nyuzi kwa msasa. Matundu madogo yanayoonekana baada ya kufua, yale watu wanayodhani ni ya panya, mara nyingi yametokea hapo.

Kwa hiyo ninatoa kulabu zote, ninaipeleka rido nje na kuipunga polepole mara kumi au kumi na tano. Siipigi kwa fimbo. Kisha ninaikunja kama feni, mkunjo wa kiganja kimoja, ninaifunga kwa kitambaa laini sehemu mbili bila kukaza, na kuiingiza ndani ya foronya. Kuanzia hapo mkono wangu unashika foronya, haushiki wavu. Ninaiweka katika beseni la maji baridi matupu nusu saa, ninabonyeza kwa viganja, ninamwaga. Maji ya kwanza ya rido za jirani yalitoka kama chai nzito. Nilibadilisha mara tatu, na kila mara ulibaki mchanga mweusi chini ya beseni. Sabuni ilikuwa bado haijaguswa.

Ukitaka kujua kama uzi utavumilia, fanya hivi kabla ya kulowesha: chukua sehemu iliyokuwa inapigwa na jua zaidi, ivute taratibu kati ya vidole viwili, kisha vuta vilevile sehemu ya pindo iliyojificha. Jua linaozesha uzi, hasa nailoni na pamba. Kama sehemu ya dirishani inatoa mlio mdogo wa kukatika na ya pindo haitoi, rido hiyo imekwisha. Mwambie mwenye mali kabla hujaiweka ndani ya maji, la sivyo ataambia watu wewe ndiye uliyeichana.

Dalili ya kwanza: kijivu kote, na wavu unashikika kama una mafuta ya mshumaa

Rido mbili za sebuleni zilikuwa hivyo. Mama wa nyumba alikuwa akizifua kila miezi mitatu, na akasema kila akizifua zinazidi kuwa nyeusi. Hakuwa anadanganya. Alikuwa anatumia sabuni ya kipande na maji ya ziwa.

Maji ya Kivu yana chumvi nyingi za magnesi, na ni ya alkali. Sabuni ya kipande ikikutana na magnesi haitoi povu vizuri. Inageuka utando mweupe unaonata, ule unaouona ukizunguka pembeni ya beseni. Juu ya shati utasuguliwa utoke. Juu ya wavu mwembamba hausuguliki, unabaki katika kila tundu, na vumbi na masizi yanajibandika juu yake. Fua tena kwa sabuni ileile, unaongeza tabaka jingine. Hicho kijivu ni sabuni yako mwenyewe iliyoshika vumbi.

Ili kuhakikisha, weka kona ya rido ndani ya kikombe cha maji ya uvuguvugu chenye vijiko viwili vya siki, ngoja robo saa, kisha ilinganishe na kona nyingine. Kama iliyolowekwa imekuwa laini, haina tena ule mnato, na maji yamechafuka kama yametiwa maziwa kidogo, jibu umelipata. Kama hakuna kilichobadilika, kijivu chako ni masizi tu, ruka moja kwa moja hadi kwenye sabuni ya unga.

Dawa yake ni asidi nyepesi kwanza, sabuni baadaye. Siki inauvunja ule utando na kuacha mafuta yake, halafu sabuni ya unga inayabeba. Ukizichanganya katika beseni moja zinauana, kwa hiyo suuza katikati.

Kiasi kinategemea maji. Ukitumia maji ya mvua, glasi moja ya siki katika lita 10 inatosha. Ukitumia maji ya ziwa, weka glasi mbili, kwa sababu alkali ya maji inakula siki nyingi kabla haijafika kwenye rido. Nimeona watu wakiweka kikombe kimoja katika beseni kubwa la maji ya ziwa, wakakaa saa nzima, wakasema siki haifanyi kitu. Loweka dakika 30 hadi 40, bonyeza foronya mara kwa mara, suuza mara mbili.

Na hapa ninasema kwa sauti: kama rido ilishapita katika javeli, isuuze mpaka harufu iishe kabisa kabla siki haijakaribia. Javeli na siki vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na katika chumba kidogo cha kufulia gesi hiyo inabana kifua.

Baada ya siki, sabuni ya unga, ile tunayoiita omo hata kama ni ya kampuni nyingine. Hiyo haigandi na magnesi kama sabuni ya kipande. Vijiko vitatu vya chakula kwa lita 12, uikoroge mpaka punje zote ziyeyuke ndiyo uingize foronya. Punje isiyoyeyuka ikikaa juu ya wavu inaacha doa.

Joto la maji lisipite digrii 40. Sina kipimajoto, ninatumia hesabu. Goma iko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na maji yetu yanachemka kwenye digrii kama 95, si 100. Sehemu moja ya maji yaliyochemka na sehemu tatu za maji ya bomba zinakupa karibu 40. Kwa beseni la lita 12 ni lita 3 za moto na 9 za baridi. Mimina yote, changanya, ndipo uweke rido. Usimimine maji ya moto juu yake. Kwenye digrii 60 na zaidi mikunjo ya poliesta inaanza kushika na haitaki kunyooka tena, na pamba ambayo haijawahi kufuliwa inaweza kurudi nyuma kwa vidole kadhaa.

Rido mbili za sebuleni zilikaa ndani ya sabuni saa moja. Zilitoka nyeupe, si kama za dukani, lakini nyeupe. Nilisuuza mara nne. Suuza ya mwisho ilikuwa maji ya mvua, ili chumvi za ziwa zisikauke juu yake.

Dalili ya pili: njano upande wa juu, inanata, ina harufu ya jikoni

Rido ya tatu ilikuwa ya dirisha la karibu na mlango wa jikoni. Nusu ya juu ilikuwa njano kama kitunguu, nusu ya chini ilikuwa na kijivu kidogo tu. Moshi wa mbabula unapanda, mvuke wa mafuta ya kukaangia unapanda nao, na vyote vinatua juu. Ukiona njano imepangwa hivyo, usitafute mbali. Chumba cha mvuta sigara kinaacha alama ileile.

Hii ni lami na mafuta yaliyokauka. Siki haiwezi kitu hapa. Inataka alkali na oksijeni. Kitu kizuri zaidi ni perikaboneti ya sodiamu, ule unga mweupe wa kutoa madoa usio na klorini. Tazama jina hilo kwenye pakiti, kwa sababu makopo mengine yana picha nzuri na sabuni tupu ndani. Vijiko viwili vya chakula kwa lita 10 za maji ya digrii 40, pamoja na vijiko viwili vya sabuni ya unga. Utaona vipovu vidogo vinapanda. Hiyo ndiyo oksijeni inafanya kazi. Usiutunze mchanganyiko huo ndani ya chupa iliyofungwa, chupa itapasuka.

Ukikosa, nenda duka la dawa uombe maji ya oksijeni ya volumu 10, yale ya vidonda. Glasi moja katika lita 10, ongeza kijiko kimoja cha bikaboneti na sabuni ya unga. Nguvu yake ni ndogo kidogo.

Saa mbili zinatosha, kisha tazama. Maji yakiwa yamegeuka rangi ya bia na rido bado ina njano, yamwage utengeneze mapya. Kuongeza saa katika maji yaliyochoka hakuleti kitu, maana yakipoa na vipovu vikiisha yamekuwa maji machafu tu. Ya jirani ilihitaji mizunguko miwili. Mzunguko wa kwanza ulitoa karibu yote, wa pili ulimalizia ukanda wa juu wa kulabu, ambao ni mzito na unashika moshi kuliko wavu.

Dalili ya tatu: madoa madogo ya kahawia yaliyo na mpaka

Kwenye rido hiyohiyo ya jikoni, chini ya kulabu mbili, kulikuwa na vidoa viwili vyenye upana wa kucha. Hiyo ni kutu. Inatoka kwenye kulabu, kwenye fimbo ya chuma, au kwenye maji ya mvua yaliyopita juu ya mabati ya zamani. Ndiyo maana maji ya mvua ninayakinga baada ya mvua kunyesha kwa muda, paa likiwa limeshajisafisha, na ninayachuja kwa kitambaa.

Kutu lazima itoke kabla ya perikaboneti. Chuma kinaifanya oksijeni iwake kwa nguvu mahali hapo pamoja, na kwenye pamba unaweza kubaki na tundu palipokuwa na doa. Javeli nayo inaikaza kutu. Kwa hiyo niliviondoa vidoa hivyo kwanza: maji ya limau na chumvi kidogo juu ya sehemu iliyolowa, nje juani saa moja, nikiongeza limau kila ilipotaka kukauka, kisha kusuuza. Kimoja kilitoka mara ya kwanza, kingine mara ya pili.

Kuikausha bila kuichana wala kuipotosha umbo

Rido nyingi hazichaniki zikiwa ndani ya maji. Zinachanika zinapotolewa, kwa sababu wavu uliojaa maji una uzito mwingi na mtu anaunyanyua kwa kona moja. Nyanyua foronya nzima kwa mikono miwili, iache ichuruzike juu ya kitu cha mbao, kisha itandaze rido juu ya taulo, viringisha pamoja, bonyeza. Usikamue.

Nilikuwa nimepima urefu wa kila rido kabla ya kufua na kuuandika. Nilizirudisha kwenye fimbo zikiwa na unyevu, pindo likiwa chini. Uzito wa maji yaliyobaki unazivuta zinyooke zenyewe, hakuna haja ya pasi. Kuzitundika nje kwenye kamba hapa kwetu, upepo ukiwa na vumbi la barabara, ni kuanza upya. Ndani, dirisha wazi kidogo, na jikoni pasiwashwe kitu mpaka zikauke. Hilo la mwisho jirani hakulipenda, lakini chakula kilipikwa kwa ndugu yake siku hiyo. Rido zote tatu zilirudi urefu uleule.

Kama weupe unaonekana bado una joto la njano kidogo, tumia bulu ya kufulia. Haisafishi, inadanganya jicho tu, na hakuna ubaya. Iyeyushe katika kikombe, ichuje kwa kitambaa, tia matone katika maji ya mwisho mpaka yawe na rangi ya anga la asubuhi. Rido iingie yote kwa mara moja ikiwa imefunguliwa, izungushwe, itoke baada ya dakika mbili. Ikiingia imekunjwa itatoka na mistari.

Dalili ya nne: njano sawasawa kila mahali, baada ya javeli

Tukarudi kwenye ile ya nailoni. Njano yake haikuwa juu wala chini, ilikuwa kote, hata ndani ya pindo ambako moshi haufiki. Hiyo ndiyo alama ya javeli. Nilijaribu kona moja katika perikaboneti kwa saa mbili, kwa sababu mara nyingine kuna uchafu umejificha chini ya njano. Kona ilitoka safi, na njano vilevile. Hapo niliacha. Kuendelea kuiloweka ni kuichosha tu.

"Basi niitupe?" akauliza.

Nikamwambia asitupe. Nailoni ina tabia moja nzuri: inakunywa rangi ya chai kwa urahisi. Tulichemsha lita 5 za maji na vijiko vinne vya majani ya chai, tukachuja mara mbili ili jani lisibaki, tukaongeza maji ya baridi mpaka lita 15, na nusu glasi ya siki, baada ya kuisuuza rido kiasi kwamba hata pua yake haikupata tena harufu ya javeli. Ikaingia ikiwa imelowa na kufunguliwa, tukaizungusha kwa mikono bila kusimama kwa dakika 10, kwa sababu ikitulia inashika mabaka. Ikatoka na rangi ya maziwa ya chai, sawa kila mahali. Akaitundika peke yake katika chumba cha wageni, mbali na zile nyeupe tatu, na Jumamosi shangazi mmoja wa upande wa pili akauliza ilinunuliwa wapi.